Siku tano za katikati: kisa cha likizo ya Desemba iliyokataliwa Moshi

Kisa hiki kilitokea katika kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, yenye ofisi na stoo Moshi mjini. Niliitwa Januari kuwasaidia kuandika utaratibu wa likizo, nikawasikiliza meneja na mfanyakazi kila mmoja peke yake. Wote wawili wameridhia kisa kitumike kufundishia. Majina na baadhi ya mambo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Usuli

Mfanyakazi nitamwita Mama Neema. Ndiye mtunza stoo, kazi aliyoifanya kwa miaka sita. Kila kundi linapopanda mlima, yeye ndiye anayetoa mahema, mabegi ya kulalia, masufuria, mitungi ya gesi, meza na viti vya hema la chakula, na vilivyomo kwenye kabati la dawa, pamoja na oksijeni na kifaa cha kupimia oksijeni kwenye damu. Kundi likishuka, yeye ndiye anayehesabu vilivyorudi, anayeanika mahema yaliyoloa na anayetenga yaliyochanika yaende kwa fundi. Ana kijana mmoja wa kumsaidia, aliyekuwa na miezi minane kazini.

Stoo ya namna hii ikikosewa, kosa halionekani ofisini. Linaonekana getini, mizigo inapopimwa na wa mpagazi mmoja kukutwa umezidi kilo 20, au linaonekana kambini usiku, hema la mgeni linapofunguliwa na nguzo moja haipo. Kwa hiyo meneja hakuwa anatafuta kisingizio aliposema kwamba Mama Neema hawezi kukosekana msimu wa sikukuu.

Meneja ni kijana wa miaka 36, mdogo kwa Mama Neema kwa zaidi ya miaka kumi. Kila asubuhi humwamkia shikamoo kabla ya lolote. Nitalirudia jambo hili baadaye, maana lilichangia kilichotokea.

Desemba ya Moshi kila mtu wa huku anaijua. Wachagga walioko Dar, Mwanza, Dodoma na Nairobi wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa, na vikao vya ukoo, harusi, ubatizo na ibada za makaburi vinapangwa vyote ndani ya wiki mbili. Kwa kampuni za mlima ndizo wiki hizo hizo ambazo wageni wanataka kuuona Mwaka Mpya wakiwa Uhuru.

Ombi na jibu la kwanza

Tarehe 3 Desemba Mama Neema alijaza fomu akiomba likizo kuanzia 20 Desemba hadi 6 Januari. Kwenye nafasi ya sababu aliandika neno moja tu, “familia”. Alikuwa amebakiza siku 18 katika zile 28 za mwaka, kwa sababu Mei alichukua 10. Ukihesabu kuanzia 20 Desemba hadi 6 Januari, ukijumlisha na siku mbili hizo za mwisho na mwanzo, unapata 18 kamili. Alizipanga hivyo kwa makusudi: aliamini kwamba siku asizoanza kuzichukua ndani ya mwaka wa kalenda zinapotea.

Fomu ilikaa mezani kwa meneja siku tano. Tarehe 8 usiku alimtumia ujumbe wa WhatsApp:

“Mama, hiyo likizo haiwezekani, ni msimu. Chukua Aprili, kazi inakuwa imetulia, utapumzika vizuri.”

Mama Neema alijibu, “Nimekusikia, Meneja.” Hakuongeza kitu.

Kesho yake alikuja kazini, akafanya kazi yake bila kasoro, na hakuongea na mtu. Hali iliendelea hivyo kwa siku tatu. Tarehe 11 alimuuliza mhasibu, kama mtu anayepiga soga, mfanyakazi anayetaka kuacha kazi anatakiwa kutoa notisi ya siku ngapi. Mhasibu ni mtu mzima, akaelewa, akamwambia meneja.

Meneja alishangaa kwa dhati. Kwa maoni yake hakuwa amemkatalia mtu likizo, bali alikuwa amempa tarehe nyingine, tena nzuri zaidi.

Mazungumzo ya tarehe 12

Alifanya jambo la busara: hakumwita ofisini. Alimfuata stoo mchana wakati kijana ameenda kula, akakaa kwenye boksi la mahema, akamwamkia, kisha akamuuliza swali ambalo fomu haikuwa imeuliza: “Mama, hiyo Desemba nyumbani kuna nini?”

Baba yake Mama Neema alifariki miaka miwili nyuma. Ukoo ulikuwa umepanga ibada ya kuweka msalaba kaburini, kwenye kihamba, shamba la ukoo, huko Rombo, tarehe 27 Desemba, na kikao cha ukoo siku inayofuata. Yeye ndiye binti mkubwa. Fundi wa kujengea kaburi alikuwa ameshalipwa nusu. Wadogo zake wawili walikuwa wamekata tiketi kutoka Mwanza na Dar. Ukimwambia mtu wa namna hii achukue Aprili, unampa siku za kwenda kwenye kihamba chenye matope ya masika, ambako hatamkuta ndugu hata mmoja.

Kulikuwa pia na kinyongo. Desemba iliyotangulia mhasibu alipewa likizo kuanzia tarehe 22. “Yeye Mchagga na mimi Mchagga,” alisema Mama Neema. “Kwa nini yeye ana kwao na mimi sina?”

Meneja hakujitetea. Alimwambia kwamba hesabu za mwezi zinaweza kusubiri wiki moja lakini hema haliwezi, na kwamba hata hivyo ilikuwa haki yake kuambiwa hivyo mapema badala ya kuachwa agundue mwenyewe. Kisha akauliza maswali mawili yaliyoigeuza habari yote. Ni siku zipi kati ya hizo 18 ambazo lazima uwepo kwa miguu yako? Na kuna chochote upande wa nyumbani kinachoweza kusogea?

Mama Neema alikaa kimya kidogo. Siku za lazima, alisema, ni mbili: ibada na kikao. Siku ya tatu ni ya maandalizi. Hizo nyingine alizijaza ili zisipotee. Kuhusu kusogea, mchungaji alikuwa bado hajathibitisha tarehe.

Hesabu ya ubaoni

Jioni hiyo meneja alifanya kazi aliyotakiwa kuifanya tarehe 3. Alisimama mbele ya ubao wa safari na kuangalia siku moja moja, badala ya kulitamka neno “msimu” likazifunika zote.

Kulikuwa na makundi mawili makubwa. La wageni tisa lilikuwa linapita njia ya Lemosho kwa siku nane. Kwenye ratiba hiyo kileleni mnafika asubuhi ya siku ya saba, kwa hiyo ili wageni wawe Uhuru tarehe 1 Januari ni lazima waanze tarehe 26 Desemba. La wageni 11 lilikuwa linapita Machame kwa siku saba, kileleni siku ya sita, kwa hiyo linaanza tarehe 27. Makundi yote mawili yanashukia Mweka na kufika getini tarehe 2 Januari.

Ukiitafsiri ratiba hiyo kwa lugha ya stoo, unapata hivi. Tarehe 20 hadi 23 ni kupokea na kuanika vifaa vya makundi yaliyotangulia. Tarehe 24 na 25 ni kupanga mizigo ya Lemosho. Tarehe 26 alfajiri magari yanaondoka, na mchana unapangwa mzigo wa Machame. Tarehe 27 asubuhi magari mengine yanaondoka. Kisha kuanzia tarehe 28 hadi 1 Januari karibu kila kitu kiko mlimani. Stoo ni rafu tupu. Tarehe 2 mchana vifaa vya watu zaidi ya 70, wageni na wapagazi na wapishi na waongozaji, vinarudi kwa mpigo, na tarehe 5 kuna kundi jingine linaloanza.

Siku tano hizo za katikati zilikuwepo ubaoni tangu Oktoba, makundi hayo yalipolipa malipo ya awali. Hakuna aliyeziona kwa sababu Desemba yote ilikuwa imeandikwa “msimu” kwa wino mwekundu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Asubuhi ya tarehe 13 alimuuliza Mama Neema kama ibada inaweza kuwa tarehe 29. Mama alitoka nje, akampigia kaka yake mkubwa, wakaongea kwa dakika kumi hivi, akarudi: mchungaji anaweza, na kikao kitakuwa tarehe 30.

Barua

Wote wawili walikubali kwamba jibu la WhatsApp lisibaki kuwa ndilo jibu rasmi. Nakala ya barua iko kwenye faili, nami nainukuu karibu yote kwa sababu imepangwa vizuri:

“Mama Neema, nimepokea ombi lako la likizo ya siku 18 kuanzia 20 Desemba hadi 6 Januari. Siwezi kuliidhinisha lote. Tarehe 20 hadi 27 Desemba na 2 hadi 6 Januari stoo inatoa na kupokea vifaa vya makundi ya Lemosho na Machame, na hakuna mwingine aliyefundishwa kazi hiyo. Naidhinisha siku 5, kuanzia 28 Desemba hadi 1 Januari, kwa ajili ya ibada ya familia. Siku 13 zinazobaki hazipotei. Napendekeza uzichukue kuanzia 20 Machi hadi 1 Aprili. Kama tarehe hizo hazikufai, andika hapa chini unazotaka kati ya 15 Machi na 31 Mei, nami nitakujibu ndani ya siku tatu. Samahani kwa kuchelewa kukujibu na kwa namna nilivyokujibu mwanzo.”

Mama Neema alisaini chini ya tarehe za Machi.

Msingi wa sheria uliopo

Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Sikukuu za umma zinazoangukia ndani yake zinahesabiwa humo humo. Krismasi, Boxing Day na Mwaka Mpya zilikuwa sehemu ya siku 18 za Mama Neema, jambo ambalo wafanyakazi wengi hulichukulia kinyume.

Kifungu hicho hicho kinampa mwajiri haki ya kupanga lini likizo ichukuliwe. Haki hiyo ina ukomo: likizo ichukuliwe si zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kwisha, au miezi 12 ikiwa mfanyakazi amekubali na mahitaji ya kazi yanahalalisha kuchelewa huko. Mzunguko ni miezi 12 ya ajira, haufuati mwaka wa kalenda. Mama Neema aliajiriwa mwezi Machi, kwa hiyo mzunguko wake ulikuwa unaisha mwisho wa Februari, na ukomo wa miezi sita ulikuwa mwisho wa Agosti. Hofu ya kupoteza siku tarehe 31 Desemba haikuwa na msingi, lakini hata meneja hakulijua hilo. Ofisi nzima iliamini hivyo, na imani hiyo ndiyo iliyozaa ombi la siku 18 badala ya tatu au nne.

Niongeze hapa tofauti moja. Kama baba angekuwa amefariki Desemba hiyo, tungekuwa tunazungumzia kifungu cha 34, kinachompa mfanyakazi angalau siku nne za malipo kwa msiba wa mzazi. Siku hizo meneja hawezi kuzibadilishia tarehe. Ibada ya msalaba miaka miwili baadaye haimo humo, inatoka kwenye likizo ya mwaka.

Matokeo

Makundi yote mawili yaliondoka kwa wakati na mizigo ilipita mizani. Tarehe 27 saa tisa alasiri Mama Neema alifunga stoo na kuondoka.

Tarehe 30 asubuhi kukatokea jambo. Wageni wawili walioongezeka dakika za mwisho walikuwa wanaanza kesho yake njia ya Marangu. Vifaa vyao vilikuwa vichache, maana Marangu watu wanalala kwenye vibanda. Kijana alivipanga vyema hadi alipofika kwenye kabati la dawa, akakuta limefungwa. Ufunguo ulikuwa kwenye pochi ya Mama Neema, Rombo, umefungwa kwenye kitambaa pamoja na funguo za nyumba yake. Miaka sita ulikuwa unakwenda nao nyumbani kila siku na hakuna aliyewahi kuuliza.

Simu ya kwanza ilimkuta kwenye kikao cha ukoo, hakupokea. Ya pili alipokea akiwa amesimama pembeni ya migomba. Mpwa wake akapanda bodaboda hadi Marangu Mtoni, dereva wa kampuni akatoka Moshi wakakutana hapo, na ufunguo ukafika stoo kabla ya giza.

Sheria inamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi afanye kazi akiwa likizo. Simu mbili na ufunguo mmoja watu wengi wataona ni jambo dogo. Meneja hakuliona hivyo, alimrudishia siku moja. Likizo ya Machi ikawa siku 14, hadi tarehe 2 Aprili.

Na Machi ilijaribiwa. Wiki moja kabla ya tarehe 20, wakala alileta kundi la wageni 12 waliotaka kuanza tarehe 24. Meneja aliniambia kwamba mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu kumpigia Mama Neema, akaikumbuka saini. Kijana, ambaye tangu Januari alikuwa amefundishwa kutoa na kupokea vifaa akiwa chini ya uangalizi, alilihudumia kundi hilo. Begi moja la kulalia lilirudi bila kuandikwa na likatafutwa siku mbili. Zaidi ya hapo hapakuwa na tatizo.

Uchambuzi

Kosa la kwanza watu hulitaja kuwa ni WhatsApp, na kweli lilichangia. Mtu anayekuamkia kila siku ana kwa ana, siku ya kukukatalia akikuandikia usiku bila hata salamu, unajua amekukwepa. Lakini naamini hata ujumbe ule ungeandikwa kwa adabu zote, Aprili ingebaki kuwa jibu baya. Meneja alitoa tarehe mbadala bila kujua zinakuwa mbadala wa nini. Alizichagua kwa kuangalia stoo lini haina kazi, hakuangalia Mama Neema alikuwa anakwenda kufanya nini. Likizo ya kupumzika inaweza kuhamia Aprili ikabaki likizo. Likizo ya kuweka msalaba haiwezi.

Hapa mameneja wengi wananiuliza kama wana haki ya kumuuliza mtu sababu. Mama Neema hakulazimika kueleza ya nyumbani, na angeweza kuishia kwenye “familia”. Ndiyo maana napendelea namna meneja alivyouliza mara ya pili: ni siku zipi ambazo haziwezi kusogea. Mtu anaweza kulijibu swali hilo bila kufungua mlango wa nyumba yake, na jibu lake ndilo hasa unalolihitaji kwa kupanga kazi. Katika kisa hiki lililishusha hitaji kutoka siku 18 hadi tatu.

Kosa la pili ni muda. Fomu ilikaa siku tano, lakini ucheleweshaji halisi ulianza Oktoba. Makundi yalipothibitishwa, meneja alikuwa na kila alichohitaji kuwaambia watu wa stoo, “Tarehe hizi na hizi hamtaweza kutoka, hizi mnaweza.” Mama Neema angekwenda kwa kaka yake na tarehe hizo kabla ukoo haujapanga, na kabla fundi hajalipwa. Kwa huku kwetu vikao vya kupanga Desemba huanza mapema, na tarehe ikishatangazwa kwa wazee kuibadilisha kunagharimu heshima. Mwaka huu waliokolewa na mchungaji ambaye hakuwa amethibitisha.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote, kwa jicho langu, ni kwamba barua ilizitaja siku zilizokataliwa moja kwa moja na kazi iliyo ndani yake. Mama Neema alinionyesha sentensi ile ya Lemosho na Machame kwa kidole. “Hapo nilielewa,” alisema. “Mwanzo nilidhani ni mimi.” Kinyongo cha mhasibu nacho kilipungua hapo, ingawa hakikuisha.

Barua pia ilimwachia nafasi ya kupendekeza tarehe zake na ikajifunga kwa siku tatu za kujibu. Tarehe mbadala isiyo na saini huwa ya kwanza kusahauliwa kundi jipya likija, na Machi ilionyesha hivyo waziwazi.

Kilichoshindikana ni makabidhiano. Walikubaliana juu ya siku, hawakukubaliana juu ya funguo, orodha ya kabati la dawa, wala namba ya fundi wa majiko. Sasa wana karatasi moja ya makabidhiano, na ufunguo wa pili uko kwa mhasibu ndani ya bahasha.

Lipo ambalo sikuweza kuwatatulia. Siku tano za katikati zilipatikana kwa sababu ibada ilikubali kusogea. Mwaka ambao harusi ya mtoto wa Mama Neema itapangwa tarehe 26 Desemba, ubao hautakuwa na nafasi hiyo, na kijana bado hajawahi kupanga mizigo ya makundi mawili ndani ya siku mbili akiwa peke yake. Meneja amepanga amfanyishe hivyo Septemba, Mama Neema akiwa amekaa pembeni na mikono yake mapajani, bila kugusa kitu.